Watu wanatoka dakika ya tatu: ni muziki, ni maneno, au ni sauti yenyewe?

Fundi mmoja wa pikipiki hapa Kondele, Kisumu, ambaye huwa namhaririria video, alinipigia simu akiwa na hasira za kuchekesha. Mteja alikuwa amefika kibandani kwake na kabureta iliyoharibika. Alikuwa ameikaza ile skrubu ndogo ya mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka ncha yake ikaumia, na alipoulizwa aliyemfundisha hivyo, akasema, "Si ni wewe, fundi? Kwa video yako umesema tuikaze."

Fundi alikuwa amesema "usiikaze". Nilikuwepo, maiki nilimfunga mimi. Lakini muziki pia niliuweka mimi, na nilipofungua tena ile video nikaisikiliza kwa spika ya simu badala ya hedifoni, ile "si" ilikuwa imemezwa. Siku hiyohiyo nikafungua takwimu za YouTube Studio kwa video hiyo, nikakuta kuanzia dakika ya 3:00 watu walikuwa wakitoka kama abiria wa matatu iliyopata pancha. Ninayoandika hapa yanatokana na uchunguzi huo, pamoja na kesi nyingine mbili tatu zilizonifundisha kutolaumu muziki kwa kila kitu.

Kabla ya kugusa sauti, soma mstari vizuri

Ukifungua video kwenye YouTube Studio, ukaenda `Analytics`, utapata mchoro wa `Audience retention`: mstari unaoanza juu na kushuka kadiri watu wanavyoondoka. Karibu kila mstari hushuka. Kwa hiyo usiulize kama umeshuka, uliza umeshuka kwa kasi gani ukilinganisha na sehemu nyingine za video hiyohiyo.

Kosa ambalo wengi hufanya ni kuhesabu asilimia zilizopotea bila kuangalia waliokuwepo. Kupoteza 4 kutoka 60 si sawa na kupoteza 4 kutoka 20. Mimi huchagua vipande vya urefu sawa, kwa mfano sekunde 40, kisha nagawanya walioondoka kwa waliokuwepo mwanzoni mwa kipande. Video ya fundi ilikuwa ya dakika 9. Kati ya 1:00 na 1:40, akiongea bila muziki, mstari ulitoka 62 hadi 58. Hao ni 4 kati ya 62, kama watu 6 katika kila 100 waliokuwepo. Kati ya 3:00 na 3:40, wimbo wa pili ukiwa umeingia tangu 2:50, ulitoka 50 hadi 39: watu 22 katika kila 100. Kisha kati ya 5:20 na 6:00, muziki ukiwa umeshazimwa, ulitoka 33 hadi 31, tukarudi kwa watu 6 katika kila 100.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku. Kama watu wangekuwa wamemchoka fundi, wangezidi kumchoka dakika ya sita. Badala yake waliobaki walitulia mara tu muziki uliponyamaza. Huo bado si ushahidi kamili, kwa sababu wanaovumilia ndio hubaki, na wavumilivu hawatoki ovyo. Lakini tofauti ya 22 na 6 haiwezi kubebwa na uvumilivu peke yake.

Mahali pawili usiukimbilie muziki. Sekunde 30 za kwanza kwa kawaida ni hesabu ya kichwa na picha ya video: mtu alidhani anakuja kuona kitu kingine, akaondoka. Na video yenye watazamaji 40 tu haisomeki, maana mtu mmoja akitoka mstari unaanguka asilimia 2.5 na wewe unaanza kutafuta mchawi.

Dalili ya kwanza: nundu ndogo, kisha mteremko

Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo niliyoikuta kwa fundi. Mstari ulipofika 3:12 ulipanda kidogo, nundu ya kama asilimia 2, kisha ukaporomoka. Mstari wa utazamaji hupanda watu wanaporudisha video nyuma na kuitazama sehemu hiyo tena. Wanaweza kurudia kwa sababu wamependa kitu, lakini hapo nundu hufuatwa na utulivu. Nundu inayofuatwa na anguko maana yake ni: "Amesema nini?" Anarudisha, anasikiliza tena, hasikii, anaondoka.

Nikaweka kidole kwenye 3:12. Ni sentensi ileile: "Skrubu hii usiikaze mpaka mwisho."

Hapa lugha yetu yenyewe inachangia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo katika "usiikaze" nguvu yote inaangukia "ka". Kinachobeba katazo, yaani "si", kiko mwanzoni mwa neno, hakina mkazo, na mzungumzaji hukipitia haraka. Ni vivyo hivyo kwa wakati: "tulifungua", "tunafungua", "tutafungua" zinatofautiana kwa silabi moja nyepesi katikati ya neno. Muziki ukipanda, silabi hizo ndizo za kwanza kuzama, na msikilizaji anabaki na "fungua" isiyojua kama ni ya jana au ya kesho. Mtu anaweza kusikia karibu neno zima na bado akapata maana iliyo kinyume.

Halafu angalia kilichokuwa kikicheza. Vijana fulani wa mtaani walikuwa wamenipa kwa hiari yao kipande cha gitaa la mtindo wa benga na kayamba nyuma yake. Kitamu sana, na kibaya sana kwa kazi hii. Mlio wa "s" uko juu, kuanzia kama hezi 4,000 kwenda mbele, na huko ndiko kayamba inakoishi. Gitaa la kwanza la benga nalo hucheza juu, likipita palepale konsonanti zinapojitofautisha, kati ya hezi 2,000 na 4,000. Besi ingekuwa na ubaya mdogo zaidi. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa besi, kwa hiyo kwenye simu muziki hubaki kayamba na gitaa tu, yaani hubaki na kile hasa kinachopigana na maneno.

Ndiyo maana mimi sikusikia kosa. Nilihariri kwa hedifoni kubwa, chumbani, usiku, na maneno nilikuwa nimeyasikia mara ishirini. Anayejua sentensi huisikia hata isiposikika.

Kupima pengo

Watu hukuambia "weka muziki asilimia 20", na kila ninapoisikia nauliza asilimia 20 ya nini. Nyimbo mbili zilizowekwa mahali pamoja kwenye kitelezi zinaweza kutofautiana kwa desibeli 8. Kinachohesabika ni pengo kati ya sauti ya mtu na muziki, na pengo hupimwa.

Ikiwa bado una mikondo miwili mbali, sauti kivyake na muziki kivyake jinsi ulivyouweka, pima kila mmoja katika sekunde zilezile. Mimi natumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwa kipande cha 3:00 hadi 3:40, ambacho ni sekunde ya 180 kwenda sekunde 40:

```
ffmpeg -hide_banner -nostats -ss 180 -t 40 -i sauti.wav -af ebur128 -f null -
ffmpeg -hide_banner -nostats -ss 180 -t 40 -i muziki.wav -af ebur128 -f null -
```

Mwishoni utaona mstari wa `I:` wenye kipimo cha LUFS, yaani wastani wa ukubwa wa sauti kwa desibeli, jinsi sikio linavyousikia. Kwa fundi, sauti ilikuwa -16 na muziki -22. Pengo: 6 tu.

Usipokuwa na mikondo hiyo, Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina kifaa kwenye menyu ya `Analyze` kinachoitwa `Contrast`, na kilitengenezwa kwa kazi hii hasa. Chagua sekunde chache ambapo mtu anaongea mfululizo bila kupumzika, bonyeza `Measure selection` upande wa `Foreground`. Kisha chagua mahali muziki unacheza peke yake kwa kiwango kilekile, upime upande wa `Background`. Kitakupa tofauti. Jua tu kwamba kipande cha kwanza kina sauti pamoja na muziki ndani yake, kwa hiyo pengo likiwa dogo, kifaa kitalionyesha kubwa kuliko lilivyo kwa kama desibeli moja.

Sasa pengo liwe ngapi? `Contrast` hukuandikia kama umefaulu au la kwa kufuata WCAG 2.0, mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, wa mwaka 2008 kuhusu kurasa zinazoweza kutumiwa na kila mtu. Kipengele chake cha 1.4.7 kinataka sauti za nyuma ziwe chini ya maneno kwa desibeli 20 au zaidi, ambayo kwa sikio ni kama mara nne chini. Kipengele hicho kiko kwenye daraja la AAA, la juu kabisa, na kimewafikiria watu wasiosikia vizuri. Kuna wahariri wanaokiona kikali mno. Mimi nasema mtu aliye steji ya Kondele, tuktuk inanguruma upande huu na makanga anaita Kakamega upande ule, kwa dakika hizo naye ni mtu asiyesikia vizuri. Kwa video ya mafunzo naanzia 20. Kwa video ya matembezi ufukweni Dunga, ambako maneno ni machache na hakuna atakayeharibu kabureta, hata 14 sina ugomvi nayo.

Kwa hiyo muziki wa fundi niliushusha desibeli 14, ukawa -36. Kisha kwa `Filter Curve EQ` nikaupunguza tena desibeli 4 kati ya hezi 2,000 na 8,000, muziki peke yake, sauti nisiiguse. Kwenye hedifoni ulisikika kama umefunikwa blanketi, na fundi akalalamika kwamba ngoma imekufa. Nikampa simu, tukatoka nje, akasikiliza. Akanyamaza.

Nilijaribu pia `Auto Duck` ya Audacity, inayoshusha muziki yenyewe mtu anapoongea. Ikiachwa ilivyo inashusha desibeli 12, na ikiona kimya cha zaidi ya sekunde moja inaupandisha muziki tena. Fundi huongea kidogo, anageuza bisibisi, anaongea tena. Muziki ukawa unaruka juu kila anapovuta pumzi, kama mtoto anayechungulia mlangoni. Kwa mzungumzaji wa aina hiyo ongeza `Maximum pause` ifike sekunde 3 au 4, au fanya nilivyofanya mimi: achana nayo, uache muziki kwenye kiwango kimoja cha chini.

Dalili ya pili: kwenye kompyuta yuko sawa, kwenye simu hana sauti

Hii ni ya mama mmoja mfugaji wa kuku kule Njoro, upande wa Nakuru. Mstari wake haukuwa na nundu. Ulianguka kama jabali pale anapoanza kuongea, na baada ya hapo karibu hakuna mtu. Wote tuliodhani tunajua tulimwambia apunguze muziki. Akapunguza. Hakuna kilichobadilika.

Kilichotuonyesha njia ni kugawanya takwimu kwa kifaa. Kwenye `Advanced mode` chagua `Device type` na uangalie `Average view duration`. Waliotazama kwa kompyuta walikuwa wakikaa karibu dakika nne, wa simu sekunde ishirini na kitu. Muziki uliozidi huwasumbua wote, ingawa kwa viwango tofauti. Tofauti kubwa kiasi hicho inamaanisha simu zinapokea kitu kingine kabisa.

Mama alikuwa amerekodi kupitia mixa iliyoazimwa, waya ukaunganishwa kwenye kamera kwa adapta isiyo yake. Waya wa namna ile hubeba sauti moja mara mbili, ya pili ikiwa imepinduliwa. Adapta ikaiweka moja kushoto na iliyopinduliwa kulia. Kwenye hedifoni kila sikio linapata yake na unasikia maneno, ingawa yanaonekana kama yanatoka nyuma ya kichwa. Simu yenye spika moja huzijumlisha, na kitu ukikijumlisha na kinyume chake unabaki na sifuri. Muziki haukuwa umepinduliwa, kwa hiyo ulibaki ukicheza peke yake, mama akipanua mdomo kimyakimya.

Jaribu hivi kabla ya kupakia:

```
ffmpeg -i video.mp4 -vn -af "pan=mono|c0=0.5*c0+0.5*c1" jaribio.wav
```

Maneno yakipotea kwenye `jaribio.wav`, umeshampata mwizi. Dawa ni kurudi kwenye mkondo wa sauti na kuchukua upande mmoja tu:

```
ffmpeg -i sauti.wav -af "pan=mono|c0=c0" sauti_moja.wav
```

Dalili ya tatu: ukizima muziki, bado hasikiki

Hili ni jaribio la sekunde kumi ambalo lingetuokoa masaa. Zima mkondo wa muziki, mpe simu mtu ambaye hajaiona video, mwambie arudie sentensi tatu alizosikia. Akishindwa, muziki hauna hatia, au angalau si mshtakiwa wa kwanza.

Huku kwetu mshtakiwa huwa ni mabati. Chumba chenye paa na kuta za mabati hurudisha kila neno kwa msemaji, na mwangwi huo huzijaza nafasi kati ya silabi kama muziki unavyofanya. Mvua ya saa kumi ya Kakamega ikianza, basi. Mstari wa video ya namna hii hauna anguko la mahali pamoja; huteremka kwa kasi ileile mbaya tangu mwanzo hadi mwisho, pawe na muziki pasiwe. Kuondoa mwangwi baada ya kurekodi ni kazi ngumu. Kinachosaidia zaidi ni umbali: ukipunguza nusu ya umbali kati ya maiki na mdomo, sauti ya mtu hupanda kwa kama desibeli 6 huku ya chumba ikibaki palepale. Ukiitoa simu kutoka sentimita 80 ukafunga maiki kifuani, sentimita 20, umepata 12. Na hujagusa programu yoyote.

Ya nne niipitie haraka. Pengo likiwa sawa lakini video nzima iko chini, bonyeza kulia kwenye video ukiwa kwenye kompyuta, fungua `Stats for nerds`, usome `content loudness`. Ikiwa na alama ya kutoa, tuseme -11dB, video iko chini ya kiwango cha YouTube kwa desibeli 11, na usitegemee YouTube iipandishe. Kazi yake kubwa ni kushusha zilizozidi. Mtazamaji anaongeza sauti mpaka mwisho, tangazo linampasua masikio, anatoka. Pandisha wewe kabla ya kupakia, kikomo cha vilele kikiwa -1 dB.

Tulipofika na fundi

Faili iliyoshapakiwa huwezi kuibadilisha kwa nyingine chini ya kiungo kilekile, kwa hiyo video ya kwanza ilibaki na kosa lake. Nilichoweza ni kuandika kwenye maelezo yake, mstari wa juu kabisa, kwamba skrubu ile ISIKAZWE. Sehemu ya pili, kuhusu kurekebisha mwendo wa injini inayonguruma pikipiki ikiwa imesimama, tuliirekodi wiki mbili baadaye palepale kibandani, maiki ileile, gitaa lilelile, pengo likiwa 20.

Nikasubiri siku tatu, maana takwimu za utazamaji huchelewa siku moja au mbili. Katika kipande kigumu cha maelezo, sekunde 40 zinazofanana na zile za mwanzo, tulipoteza watu 9 katika kila 100. Nundu haikuwepo. Siwezi kuapa kwamba yote ni muziki: ni video nyingine, na anayetafuta sehemu ya pili tayari ana moyo wa kukaa. Lakini nundu ndiyo niliyokuwa naitafuta, na haikutokea popote katika dakika zile nane.

Fundi bado anasema ngoma imekufa. Tumekubaliana gitaa lipigwe kwa nguvu zake zote mwishoni, akiwasha pikipiki, ambapo hakuna anayeongea.